Kufuta nembo siyo kuificha klipu

Juzi kijana wa bodaboda kaegesha nje ya ofisi yangu hapa Chikongola, hajavua hata helmeti, ananiambia, "Kaka, nifutie nembo kwenye hii klipu niiposti kwangu, mashine isijue kama nimeitoa kwa mtu." Ni wa nne mwezi huu. Wa kabla yake aliniambia ukibadilisha jina la faili inatosha. Nahariri video kwa kula, na kazi ya kufuta nembo ina hela, lakini nimechoka kuuziana imani. Naandika mara moja, wa tano nimtumie linki.

Kosa lenu ni kuchanganya mashine mbili. Moja inatafuta nembo ya mtandao mwingine juu ya picha. Ya pili inatafuta kama picha yenyewe imeshawahi kupandishwa hapo. Ukiikwepa ya kwanza, ya pili hujaigusa.

Tuanze na ya pili. Jina la faili sahauni kabisa. Hata alama ya hesabu ya faili, ile namba ndefu ya SHA-256, inakokotolewa kutoka yaliyomo ndani ya faili, jina halimo. Na hiyo alama ni dhaifu kwa kazi hii kwa sababu nyingine: ukituma klipu kwa WhatsApp ikabanwa, namba yote inabadilika, wakati jicho linaona video ileile. Wenye mitandao wanalijua hilo, ndiyo maana wanachukua alama ya vidole ya picha, siyo ya faili.

Njia rahisi kuliko zote inafanya hivi. Inachukua fremu, inaitoa rangi, inaisinyaza mpaka inabaki miraba 9 kwa upana na 8 kwa urefu. Kisha kila mraba unalinganishwa na jirani yake wa kulia: upi una mwanga zaidi? Jibu ni 1 au 0. Kila mstari unatoa majibu 8, mistari ni 8, jumla 64. Hiyo ndiyo alama ya fremu. Mwenye kompyuta ajionee fremu zake zilivyosinyaa, moja kwa kila sekunde:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf "fps=1,scale=9:8,format=gray" f_%03d.png
```

Sasa chukua klipu ya kusimama ya 1080 kwa 1920. Kila mraba umebeba eneo la pikseli 120 kwa 240. Nembo pembeni, yenye upana wa kama pikseli 200, inagusa miraba miwili au mitatu ya mstari mmoja. Miraba mitatu inahusika kwenye malinganisho manne tu. Kwa hiyo iwepo nembo, ifutwe, ifunikwe na ukungu au na kikaragosi cha kucheka, majibu 60 kati ya 64 yanabaki palepale. Na mashine haidai yafanane yote, inahesabu yaliyotofautiana. PDQ, njia nyingine ya kuchukua alama za picha ambayo Facebook waliiweka wazi kwa umma mwaka 2019, ina majibu 256 kwa picha, na kiwango kinachopendekezwa ni kwamba tofauti zisizozidi 31 zihesabiwe kuwa picha ni ileile. Nembo yako haifiki huko.

"Basi nitaigeuza kama kwenye kioo." Haya. PDQ hiyohiyo inaweza kutoa alama nane kwa mkupuo mmoja: picha ilivyo, iliyozungushwa, iliyogeuzwa. Aliyeitengeneza alikuwaza kabla yako.

Ila nisiwe muongo. Njia hii ina mahali inapochoka. Ukivuta picha kwa ndani sana, vitu vyote vinahama mraba, alama inavurugika. Kwa hiyo ukiniambia fulani alikata, akavuta, akaweka fremu ya maua pembeni ikapita, sitabisha. Ndiyo sababu hawategemei hesabu hii peke yake. Wanasikiliza na sauti, na wana mashine zilizofundishwa kutambua nakala hata ikikatwa. Udhaifu mwingine ni wa kuonea: fremu nyeusi tupu haina mraba wenye mwanga kuliko mwenzake, inatoa sifuri zote, na inafanana na kila fremu nyeusi duniani. Mfumo makini unaziruka. Wa ovyo unamshika asiyehusika.

Sasa mashine ya kwanza, inayoniudhi zaidi kwa sababu inawapata wasio na hatia.

Kuna mama anabangua na kukaanga korosho, mteja wangu wa siku nyingi. Alijirekodi akipindua korosho kwenye kikaango, sekunde 24, mwanga wa asubuhi, moshi unapanda vizuri. Akaposti mtandao wa kwanza, ikaenda. Akaipakua kutoka hukohuko, akaiposti mtandao wa pili, ikalala. Akaja: "Mwanangu, wamenifungia akaunti. Kuna mtu kaniroga au kanishtaki?"

"Shikamoo mama. Hebu nione hiyo simu."

Nikafungua takwimu za klipu. Waliotazama karibu wote ni wafuasi wake, wageni wa kuhesabu. Akaunti iliyofungiwa haiwi hivyo. Klipu ilifika kwa watu wake, ila haikupendekezwa nje. Na pale kwenye picha nembo ya mtandao wa kwanza inaruka, mara juu kushoto, mara chini kulia, na jina lake mwenyewe chini yake.

Video ni yake, kikaango chake, jina lake. Lakini mashine ya nembo haiulizi mwenye mali. Instagram walilitangaza wenyewe Februari 2021: Reels zenye nembo zinazoonekana za mitandao mingine zitapendekezwa kwa uchache. Hawakusema zitafutwa, wala kwamba akaunti inaadhibiwa. Kupendekezwa kwa uchache maana yake wafuasi wanaona, wageni hawaletewi. Hili neno "wamenifungia" mliache jamani. Sababu ni ya biashara: nani anataka kumtangaza jirani bure ndani ya duka lake? YouTube nao, tangu 2022, wanabandika nembo yao kwenye Shorts unazopakua.

Mama akauliza, "Sasa ungenifutia ile nembo?" Nikakataa. Kufuta kunaacha ukungu unaohama pembe hadi pembe, na klipu iliyopakuliwa imeshabanwa, moshi wote umegeuka vigae. Hapo ndipo na mimi napata shaka: huwa sijui ni nembo iliyoizamisha klipu au ubovu wa picha, kwa sababu vinakuja pamoja. Na kujaribu tena kwa kuiposti safi kwenye akaunti ileile siyo kipimo, maana ya pili sasa ni nakala ya ya kwanza.

Tulichofanya ni kutafuta faili ya kamera. Ilikuwemo bado kwenye simu, kwenye folda ambayo alikuwa anaifuta kila kumbukumbu ikijaa. Nikaihariri upya na kukata kile kipande cha nembo ambacho CapCut hubandika mwishoni. Nikahifadhi faili moja safi kabla haijagusa mtandao wowote, ndiyo ipandishwe kote. Kuposti kitu chako safi sehemu mbili siyo kosa. Ulinganisho unafanyika na vilivyomo kwenye mtandao husika.

Isipokuwa kama mtu amekuwahi. Nikarudi kwa kijana wa bodaboda, nikamuonyesha: Instagram walitangaza Aprili 2024 kwamba akaunti inayorudia vitu vya watu mara 10 au zaidi ndani ya siku 30 haitapendekezwa, na kwenye mapendekezo nakala zitabadilishwa na video halisi. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na nikiposti tisa?"

Nikamrudishia simu yake.