Vijiti vimejaa, mbona video inakwama?

"Vijiti vikijaa halafu intaneti ikakwama, kampuni inakula bando lako. Sambaza!"

Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo. Vijiti huonyesha zaidi nguvu ya mawimbi, na nguvu peke yake haitoshi. Fundi anayezunguka na gari kupima mtandao wa 4G husoma RSRP, yaani nguvu, pamoja na SINR, inayolinganisha mawimbi ya mnara unaokuhudumia na mwingiliano wa minara mingine na kelele.

Tuseme yuko kituo cha daladala kati ya minara mitatu. RSRP ni -75 dBm, nzuri sana, lakini SINR ni -2 dB: minara mingine miwili kwa pamoja inausonga wa kwanza. Ni kama kuongea sokoni, unamsikia mwenzako lakini maneno huyashiki. Mbele kidogo RSRP inashuka hadi -102 dBm, SINR inapanda hadi 15 dB. Vijiti ni viwili tu, na video inacheza vizuri, mradi mnara haujalemewa na watumiaji.

Mwenye aifoni apige `*3001#12345#*`, atafute namba hizo. Kwenye simu nyingine, programu za kupima mtandao huzionyesha.