Kukata "eee" na kimya kwenye video ya mtu anayeongea: dhana potofu na ukweli

Tuchukue mfano wa mahojiano. Mama anayeuza dagaa Mwaloni, Mwanza, anaeleza kwa nini waliacha kuanika dagaa mchangani wakahamia kwenye vichanja. Kamera ni moja, imesimama kwenye tripodi, haisogei. Anasema hivi:

"Zamani tulikuwa tunaaa… eee… tunaanika chini, kwenye mchanga. (kimya, sekunde moja) Sasa yaani, yaani mvua ikinyesha, mzigo wote unaharibika. (anatazama pembeni, sekunde tatu) Nilishawahi kupoteza magunia… eee… magunia sita. Siku moja."

Kila unapotoa kipande katikati ya maneno hayo na kuunganisha pande mbili zilizobaki, kichwa chake kitaruka ghafla, kwa sababu pembe ya kamera ni ileile lakini mwili umeshasogea. Huo ndio mkato wa kuruka, au jampu kati kama wengi tunavyouita. Watu hubishana kama unafaa au haufai, wakati swali lenyewe ni unakata wapi na unatoa nini.

Dhana: kila kimya ni muda uliopotea

Dhana hii imepata nguvu tangu programu za kuhariri zilipoanza kuwa na kitufe cha kuondoa kimya. Unaiambia programu kwamba sauti ikishuka chini ya desibeli fulani kwa zaidi ya nusu sekunde, kata. Inapima ukubwa wa sauti tu. Haijui mtu amenyamaza kwa nini.

Kimya cha kwanza cha mama huyu, baada ya "mchanga", ni cha kuvuta pumzi na kupanga sentensi inayofuata. Ukikipunguza kikabaki theluthi ya sekunde, mtazamaji hapotezi kitu. Kile cha pili ni tofauti kabisa. Ametoka kusema mzigo wote unaharibika, akageuza macho, na hapo ndipo hasara yake inamrudia. Sekunde zile tatu zinamwandaa mtazamaji kuyapokea magunia sita. Ukizitoa, magunia yanakuja kama takwimu ya kawaida, tena macho yanaruka kutoka pembeni kuja mbele kwa fremu moja, kitu ambacho jicho hukiona kuliko kuruka kwa bega au mkono. Mimi ningeziacha zote.

Kama video ingekuwa ya mafunzo, kimya kingine chenye thamani ni kile kinachokuja baada ya kipimo au hatua. Mtu akiambiwa achanganye hiki na kile kwa kiasi fulani, anahitaji muda mdogo wa kukishika kabla sentensi nyingine haijamfikia. Video iliyobanwa mwanzo hadi mwisho humlazimisha kurudisha nyuma kila mara, na ule muda uliookolewa anaulipa yeye.

Dhana: "eee" na "yaani" hazina kazi, toa zote

Katika kipande chetu, "tunaaa… eee…" ni sentensi iliyoanza ikakwama, kisha ikaanza upya. Itoe bila wasiwasi. "Yaani" ya kurudia nayo iende, ibaki moja.

Ile "eee" iliyo kabla ya "magunia sita" ingenifanya nisite. Mwaka 2011 watafiti Scott Fraundorf na Duane Watson waliwasikilizisha watu hadithi zenye sauti za kusita za namna hiyo, na wasikilizaji wakazikumbuka vizuri zaidi kuliko zilipokuwa hazina. Walipoweka kikohozi chenye urefu uleule, faida hiyo haikuonekana. Kusita humwambia msikilizaji kwamba kuna jambo linakuja. Mama anapotafuta idadi kichwani, tunamwona akikumbuka, na ndiyo maana tunamwamini. Kwenye tangazo la sekunde 30 ningeitoa. Kwenye simulizi yake, inabaki.

Wingi nao una mpaka wake. Msemaji mwenye "eee" katika kila sentensi anachosha, na hapo kupunguza nusu yake kunatosha. Ukizimaliza zote, sentensi zinakosa mwinuko na mteremko wa kawaida, na mtu anaanza kusikika kama anasoma tangazo la kituo cha basi.

Dhana: programu inajua neno linapoanzia

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Maneno yetu mengi huanza na sauti hafifu: "m" ya mtoto, mvua na mzigo, au "h" ya hakufika. Kipimo cha ukubwa wa sauti huiona "m" kama sehemu ya kimya na kuimeza. "Mvua" inabaki "vua", "hakufika" inasikika "akufika". Mwisho wa sentensi kuna tatizo hilohilo, kwa sababu wengi wetu tunaiachia irabu ya mwisho ififie, na programu inaikata kabla haijaisha.

Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Acha fremu mbili au tatu kabla ya neno, na nne au zaidi baada ya sentensi. Halafu sikiliza kila kiungo kwa visikizi, usitegemee spika ya simu.

Mahali pazuri pa kukata ni kabla ya "t", "k" au "p", kwa kuwa ulimi au midomo hufunga na sauti hukatika kidogo kabla ya kupasuka. Ndiyo maana "tulikuwa tunaanika" inaungana vizuri: unakata kwenye kile kimya kidogo kabla ya "t" ya pili, na sikio haligundui.

Dhana: kinachomsumbua mtazamaji ni picha kuruka

Mara nyingi ni sauti. Mwaloni kuna injini za boti, upepo na watu wanaoita. Ukikata, mlio wa nyuma nao unakatika, na ukikata mara nne katika sekunde kumi unasikia kama redio inayotafuta stesheni. Kabla ya kuondoka eneo la kurekodi, nasa angalau nusu dakika ya sauti ya mahali bila mtu kuongea, uitandaze chini ya mahojiano yote. Kwenye kila kiungo weka mfifio mfupi wa sauti, fremu mbili hivi. Pumzi nazo zina utaratibu: ukiiacha, iache nzima, kwa sababu pumzi iliyokatwa nusu husikika kama kwikwi.

Kwa upande wa picha, kuvuta kidogo karibu baada ya mkato husaidia, ila iwe asilimia 15 au 20. Ukivuta kwa asilimia tatu, inaonekana kama kamera imegongwa. Picha za dagaa kwenye vichanja zikifunika kiungo ni bora zaidi, mradi zinaonyesha kile anachokisema wakati huo.

Dhana: kutoa kimya hakubadilishi maana

Kunabadilisha, na hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Mwulize mama huyu, "Vichanja vimekusaidia?" Akae kimya sekunde nne, kisha aseme, "Ndiyo, nadhani." Mhariri akitoa zile sekunde nne na "nadhani", tumebaki na mtu aliyejibu papo hapo bila shaka yoyote. Hakujibu hivyo. Jibu la namna hii liache pamoja na swali lake bila mkato wowote kati yake, wala usilifunike kwa picha nyingine. Kama video imezidi urefu, punguza maelezo yaliyotangulia swali, ambako kuna sekunde nyingi za kutoa bila kumbadilishia mtu neno lake.