Damu kwenye nepi ya binti mchanga

“Binti yangu ana siku nne, uke umevimba na nepi ina damu. Bibi yake anasema ameumizwa.”

Mara nyingi hakuna aliyemuumiza, mama. Akiwa tumboni alipata estrojeni yako, ikavimbisha mashavu ya uke na kunenepesha ukuta wa mji wake wa mimba. Akizaliwa, homoni hiyo hushuka ghafla. Ukuta humomonyoka, matone machache yakatoka na ute mweupe. Damu hukoma baada ya siku chache, uvimbe hukawia kidogo. Mpanguse kwa maji safi, mbele kwenda nyuma, na ute usiukwangue.

Ila damu ikiwa nyingi, ikipita wiki ya pili, ukiona mchubuko, au ikitoka pia kitovuni au puani (huenda amepungukiwa vitamini K), mpeleke hospitali siku hiyohiyo.