Je, wajua? Kukosea paswadi ileile mara tano sio sawa na kukisia mara tano

"Mbona nikikosea paswadi mara tatu tu akaunti inafungwa, naambiwa niende kwa watu wa kompyuta, kwani mfumo hauwezi kujua kama ni mimi vidole vimeteleza au ni mwizi?"

Unaweza, sio kwa uhakika wa asilimia mia ila kwa kiasi kikubwa tu, na dalili yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: mwizi harudii. Anayekisia paswadi ya mtu ana listi ndefu mkononi na nafasi chache za kuitumia, kwahiyo akishaweka `Simba2024` ikakataliwa hana sababu yoyote ya kuiweka tena, anahamia inayofuata. Mwenye akaunti yeye anafanya kinyume kabisa, anaandika, inakataa, anaguna, anaandika kitu kilekile tena safari hii kwa kubonyeza kwa nguvu kama vile kibodi ni kiziwi.

Sasa mifumo mingi imewekewa sheria inayohesabu umebonyeza Enta mara ngapi, haihesabu umeleta paswadi ngapi tofauti. Hapo ndo uonevu unapoanzia.

Tuchukue mfano, mhasibu wa ofisi fulani, tumwite Mwajuma. Ijumaa kabadilisha paswadi kutoka `Kisima4Mlango` kwenda `Mnazi7Bahari`. Jumatatu asubuhi anakaa, Caps Lock imebaki imewaka, anaandika paswadi yake mpya vizuri kabisa ila kinachofika kwenye mfumo ni `mNAZI7bAHARI`, na yeye anaona vidoti tu. Inakataa. Anarudia vilevile, inakataa. Sasa anaona kile kitaa cha Caps Lock, anazima, lakini ameshaingiwa na wasiwasi kwamba labda ile ya Ijumaa haikuseviwa, basi anaweka ya zamani, `Kisima4Mlango`. Inakataa, hiyo ya tatu. Ya nne anaandika `Mnazi7Bahari` sawasawa herufi kwa herufi, na mfumo unamkatalia kwa sababu akaunti imeshafungwa sekunde chache zilizopita. Mbaya zaidi fomu nyingi hazimwambii kwamba imefungwa, zinasema tu jina au paswadi sio sahihi, kwahiyo Mwajuma anaondoka anaamini paswadi sahihi ndo ya makosa, anaomba mpya, na mzunguko unaanza upya.

Hesabu alichofanya: majaribio matatu yaliyokosea, lakini ndani yake kuna kisio jipya moja tu. La pili ni marudio, na la tatu ni paswadi ambayo wiki iliyopita ilikuwa halali yake.

Na hili sio jambo la kufikirika, kuna mifumo inahesabu hivyo tayari na imekuwepo muda mrefu. Active Directory ya Microsoft, ambayo ndo inashika akaunti za wafanyakazi kwenye maofisi mengi yanayotumia Windows, tangu toleo la Windows Server 2003 ina kanuni kwamba ukileta paswadi isiyo sahihi, kabla haijaongeza namba kwenye kihesabio kinachoitwa `badPwdCount` inaangalia kwanza historia ya paswadi zako. Kama uliyoleta ni mojawapo ya mbili zilizopita, huingii, lakini pia huhesabiwi kosa. Ile `Kisima4Mlango` ya Mwajuma ingepita hivyo. Upande wa mawinguni, Entra ID ya hao hao Microsoft inakumbuka alama za paswadi tatu za mwisho zilizokosewa, ukirudia mojawapo kihesabio hakisogei. Ila hiyo inafanya kazi pale Entra yenyewe inapokagua paswadi, kama ofisi imepanga ukaguzi urudi kwenye seva zao wenyewe basi faida hiyo haipo, na wengi wanaoshangaa "mbona kwetu inahesabu marudio" tatizo lao liko hapo. Hata iPhone ina huruma hiyo, ukibonyeza namba ileile ya makosa mfululizo haikatwi kwenye zile nafasi ulizonazo.

Kuna kitu kimoja kwenye kukumbuka makosa ambacho fundi asipoangalia anaharibu kabisa. Paswadi iliyokosewa ni siri karibu sawa na iliyo sahihi, angalia `mNAZI7bAHARI` uone kama kuna mtu atashindwa kubuni ya kweli, na mara nyingi iliyokosewa kwenye mfumo huu ni sahihi kwenye mfumo mwingine, mtu kaweka paswadi ya benki kwenye barua pepe. Kwahiyo haitakiwi kuandikwa mahali popote kama ilivyo. Inasagwa kwanza kwa hesabu ya siku zote ya kusaga paswadi, ile ya polepole yenye chumvi, yaani herufi za kubahatisha zinazochanganywa humo kabla ya kusaga, kinabaki kitu cha kulinganishia tu, na mtu akishaingia salama kinafutwa. Nimeona watu wanaandika majaribio yaliyofeli kwenye faili la kumbukumbu la seva, wazi kabisa, eti wayachunguze baadae. Hiyo ni kumwandalia mwizi meza.

Haya, tuje kwenye ile tatu yenyewe. Kwenye laini ya simu ina maana yake: pini inaweza kuwa na tarakimu nne tu, jumla mchanganyiko 10,000, na anayejaribu ameshika laini mkononi. Ukikosea mara tatu unaombwa PUK yenye tarakimu nane, nayo ina nafasi kumi, zikiisha laini imekufa. Ukali huo nauelewa. Lakini paswadi ya herufi na namba sio pini, na kuchukua ile tatu ukaibandika kwenye kila fomu ni kufuata mazoea tu.

Piga hesabu uone. Windows 11 toleo la 22H2 lilikuja limepangwa hivi: makosa 10 ndani ya dakika 10, akaunti inafungwa dakika 10. Mwizi mvumilivu kwa mpango huo anapata visio 60 kwa saa, 1,440 kwa siku. Ukiweka makosa 3 na kufunga nusu saa anapata 144 kwa siku. Paswadi ya herufi ndogo nane zilizochaguliwa bila mpangilio ina mchanganyiko zaidi ya bilioni 208, kwa visio 1,440 kwa siku kuzimaliza ni karibu miaka laki nne, kwahiyo huyu hahitaji msaada wa ile tatu. Na aliyeweka `123456` ameliwa kwenye kisio la kwanza, ile tatu haikumwokoa. Wanaobaki ni wa katikati, wenye paswadi ambayo sio ya kijinga sana ila ipo kwenye listi za wezi nafasi ya elfu tano hivi, hao kwa 1,440 kwa siku wanafikiwa ndani ya siku nne.

Dawa ya hao wa katikati ni kuongeza muda wa kusubiri na kuweka dari, sio kubana mwanzo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kwenye mwongozo wake wa SP 800-63B inasema makosa mfululizo kwenye akaunti moja yasizidi 100, ndio mia moja, na inataja kama njia mojawapo ya kuongezea subira inayokua, mfano kuanzia sekunde 30 hadi saa nzima. Mtu mwenye vidole vizito anagusa ile sekunde 30 mara moja anaingia zake, na akiingia kihesabio kinarudi sifuri. Mwizi wa elfu tano anafika mia anagonga ukuta.

Hapa ndipo na utafiti unapoingia. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya na Dropbox, walipima majaribio halisi ya watu kuingia kwa muda wa saa 24 na wakaona karibu asilimia 10 ya yaliyofeli yalitokana na makosa machache yaleyale: herufi zote zimegeuzwa kwa sababu ya Caps Lock, herufi ya kwanza imekuwa kubwa badala ya ndogo au kinyume (simu zinapenda kufanya hivyo zenyewe), na herufi moja ya ziada mwishoni. Asilimia 3 ya watumiaji walirudishwa mlangoni kwa vitu hivyo. Mfumo unaweza kuyarekebisha wenyewe bila kuhifadhi chochote kipya, unakagua ulichoandika kama kilivyo, ikikataa unageuza herufi unakagua tena, na yote hayo yanahesabiwa jaribio moja. Facebook walikuwa wanafanya hivyo miaka kabla ya utafiti huo. Mwajuma angeingia kwenye jaribio la kwanza kabisa wala asijue kitu kimetokea.

Kwa wanaoshika seva za Linux, `pam_faillock`, ile inayofunga akaunti ikikosewa paswadi, ikija bila kuguswa ina ile tatu, na yenyewe haitofautishi marudio. Kwahiyo cha kufanya ni kuilegeza kwenye `/etc/security/faillock.conf`:

```
deny = 10
fail_interval = 900
unlock_time = 600
```

Hapo ni makosa 10 ndani ya robo saa, inafungwa dakika 10 halafu inajifungua yenyewe. Usiweke `unlock_time = 0`, maana hiyo inasubiri admini aje kufungua kwa mkono, na yeyote anayejua jina lako la kuingilia anaweza kukufungia nje makusudi kila asubuhi bila hata kutaka kuingia. Entra inapunguza balaa hilo kwa kuhesabu sehemu uliyozoea kuingilia mbali na sehemu ngeni, aliye mbali akigonga mwamba wewe wa ofisini unaendelea.

Kuna wanaokimbilia kufunga anwani ya IP badala ya akaunti. Sawa, ila mitandao ya simu huku kwetu inawaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja, unafunga mmoja unafungia mtaa mzima.

Na ukitaka kujua kama aliyefungiwa ni mkosaji wa vidole au kuna jambo, soma kumbukumbu kwa mtiririko wake. Kwenye Windows tukio namba 4740 ndo linasema akaunti imefungwa na linataja kompyuta iliyosababisha. Makosa mawili matatu ndani ya dakika moja, kompyuta ya mtu mwenyewe, mwisho wake ameingia: vidole hivyo. Makosa yanayokuja kwa nafasi zilezile, kila baada ya dakika kadhaa, hadi saa nane usiku mwenyewe amelala: hiyo ni simu au tableti ya zamani iliyobaki na paswadi ya mwezi uliopita kwenye barua pepe, itafute ilipo na uibadilishe. Lakini ukiona akaunti mia mbili kila moja imekosea mara moja au mbili tu, hakuna iliyofungwa, hapo shtuka, kuna mtu anapitisha paswadi moja kwenye majina yote ya ofisi, na huyo hata ungeweka sheria ya kosa moja kihesabio cha akaunti hakimkamati, inabidi kuhesabu upande wa paswadi: ni majina mangapi yamejaribiwa na kitu kilekile ndani ya saa hiyo.