"Tovuti yenyewe naijua": dhana potofu kuhusu onyo la cheti cha usalama

"Fundi, kivinjari kinanikatalia kufungua barua pepe. Tovuti yenyewe naijua, naitumia kila siku. Nibonyeze wapi hilo onyo liondoke?"

Nimeulizwa swali hili mara nyingi mno, na karibu kila anayeuliza huwa ameshaamua kupita. Anachotaka kwangu ni baraka tu. Basi tuanze na hili, maana ndilo linaloponza watu kuliko mengine yote.

Dhana: Tovuti naijua, kwa hiyo onyo halinihusu

Cheti ni hati ya kidijitali ambayo tovuti hukionyesha kivinjari ili kuthibitisha kwamba ndiyo yenye anwani uliyoandika. Onyo la cheti halisemi kwamba tovuti ni mbaya. Kwenye onyo hili kivinjari hakipimi kama tovuti ni nzuri au mbaya. Kinachosema ni kwamba aliyejibu upande wa pili ameshindwa kuthibitisha kuwa yeye ndiye mwenye anwani uliyoandika. Wewe unaijua tovuti, aliyejibu humjui.

Kwa hiyo kadiri tovuti inavyojulikana, ndivyo unavyopaswa kushtuka zaidi. Kampuni kubwa ya barua pepe au benki ina watu ambao kazi yao ni kuhakikisha vyeti vinahuishwa kabla ya muda kwisha. Jana ilifunguka vizuri, leo inatoa onyo: mara nyingi tovuti haijabadilika, ila kuna kitu kimebadilika kati yako na yenyewe, au kwenye kifaa chako.

Chukua mteja mmoja aliyenitumia picha ya kioo chake. Alikuwa kwenye Wai-Fai ya wageni, anafungua barua pepe, na chini ya onyo kuna msimbo huu:

```
NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID
```

Huo ndio mstari ninaousoma kwanza. Maana yake ni kwamba cheti kimetolewa na mtu asiyekuwemo kwenye orodha ya watoaji wanaoaminiwa na kifaa. Nikamwambia afungue tovuti nyingine kubwa mbili tatu. Nazo zikatoa onyo lilelile. Nikamwambia azime Wai-Fai na atumie data ya simu. Zote zikafunguka bila neno. Hapo jibu limeshapatikana: tovuti haina kosa, simu haina kosa, tatizo ni ule mtandao. Alipofungua maelezo ya cheti akiwa amerudi kwenye Wai-Fai, mtoaji alikuwa na jina ambalo hata mimi sijawahi kuliona, na tarehe ya kutolewa ilikuwa siku hiyohiyo. Kulikuwa na kifaa katikati kinachotengeneza vyeti vyake na kujifanya kila tovuti unayoiita.

Je, alikuwa mwizi, au ni mwenye mtandao tu anayechuja wageni wanachosoma? Ukiwa umekaa pale huwezi kujua, na wala hakuna haja ya kujua. Kwa vyovyote vile, ukipita, kuna mtu anasoma barua zako.

Anayeona natia chumvi akumbuke Agosti 2011. Mtumiaji mmoja nchini Irani alifungua Gmail, Chrome ikampa onyo. Hakuna tovuti aliyokuwa anaijua kuliko hiyo. Badala ya kupita, aliuliza hadharani kuna nini. Ikagundulika kwamba DigiNotar, mtoaji wa vyeti wa Uholanzi, alikuwa amevamiwa na cheti cha uongo cha Google kilikuwa kinatumika kunasa mawasiliano. Uchunguzi ulikuta anwani za IP takribani 300,000 zilizoguswa, karibu zote za Irani. Mwezi uliofuata DigiNotar ilitangazwa muflisi.

Dhana: Nitapita, lakini sitaandika nenosiri

Hii husemwa na wale wanaojiona wajanja. Tatizo ni kwamba nenosiri uliliandika zamani. Ukishaingia kwenye akaunti, tovuti hukupa kidakuzi, na kivinjari hukipeleka chenyewe kila unapofungua ukurasa wake, ili usiulizwe nenosiri tena. Ukibonyeza kuendelea, kidakuzi hicho kinakwenda kwa huyo aliyejibu katika ombi la kwanza kabisa, kabla ukurasa haujaonekana, kabla hujagusa kibodi. Akikipata anaweza kuingia kwenye akaunti yako kana kwamba ni wewe.

Kama ulishapita, badilisha mtandao kwanza, kisha ingia kwenye akaunti na uchague kutoka kwenye vifaa vyote, halafu ubadilishe nenosiri. Wengi hubadilisha nenosiri na kuishia hapo. Kutegemea tovuti, kidakuzi cha zamani huweza kuendelea kufanya kazi.

Dhana: Ni muda wa cheti tu umekwisha

Wakati mwingine ni kweli. Msimbo wake ni NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, lakini kabla ya kuilaumu tovuti, tazama saa ya kifaa chako. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma, na kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, ujaribu tena.

Kama saa iko sawa na ni tovuti moja tu inayolalamika kwenye kila mtandao, pengine mwenyewe amezembea. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, na ule mfumo wa kuvihuisha vyenyewe ukikwama, hakuna anayejua hadi wageni waanze kupiga kelele. Cheti kilichokwisha jana, chenye jina sahihi na mtoaji anayeaminiwa, kusoma makala juu yake mimi sina ugomvi nako. Kuingia kwenye akaunti au kulipia kitu, subiri arekebishe.

Dhana: Hakuna onyo, basi tovuti ni salama

Hapana. Tapeli anaweza kupata cheti halali cha anwani aliyoinunua mwenyewe, bure, kwa dakika chache. Cheti kinathibitisha anwani, hakithibitishi tabia. Soma anwani herufi kwa herufi.

Basi ni wakati gani wa kupita?

Pale unapoijua mashine yenyewe, siyo jina lake. Ruta yako ya nyumbani ukiifungua kwa 192.168.1.1 mara nyingi itatoa onyo, kwa sababu imejitengenezea cheti chenyewe. Ukiwa umeunganishwa nayo kwa waya, pita. Kadhalika printa au seva uliyoisimika kwa mikono yako, kwenye mtandao wako.

Wai-Fai ya wageni inayotaka ujisajili kwanza nayo huzua maonyo. Usipite, andika http://neverssl.com, tovuti isiyotumia cheti, kwenye upau wa anwani, na ukurasa wa kujisajili kwa kawaida utajitokeza wenyewe. Ukishasajiliwa, fungua tovuti yako upya. Onyo likibaki, tumia data ya simu.

Na kama kivinjari hakikupi kabisa kitufe cha kuendelea, mara nyingi maana yake tovuti yenyewe iliagiza kwamba isifunguliwe bila cheti sahihi. Kuna ujanja wa kukwepa hilo unaosambazwa mitandaoni. Sitauandika hapa.

Mbaya zaidi ni yule anayekuambia upakue cheti chake na kukisimika kwenye simu "ili onyo liache kusumbua". Hilo ni kubwa kuliko kupita mara moja: kuanzia hapo anaweza kujifanya karibu tovuti yoyote, na kivinjari hakitakuonya tena. Kwenye kompyuta ya mwajiri, hayo ni maamuzi yake, na benki yako ifungulie kwingine. Kwenye simu yako, kataa. Na kama ulishakubali, ingia kwenye mipangilio ya usalama, tafuta orodha ya vyeti vilivyosimikwa na mtumiaji, ukifute.