Kukoleza herufi si kuweka kichwa: yanayoaminiwa kimakosa kuhusu kuingiza waraka wa Word kwenye PowerPoint

Dhana: "Vichwa vyangu vinaonekana vizuri, nimevikoleza na kuvikuza, kwa hiyo PowerPoint itavitambua."

Haitavitambua. Nimelisema hili darasani, kwenye simu, na mara moja kwenye foleni ya benki. PowerPoint haina macho. Haijui kwamba umeandika MIKOPO kwa herufi kubwa, nene, saizi 16, na kupiga mstari chini yake. Inachosoma ni staili iliyobebwa na aya. Aya yenye Heading 1 inakuwa kichwa cha slaidi mpya. Yenye Heading 2 inakuwa kitone cha kwanza ndani ya slaidi hiyo, na yenye Heading 3 inakaa chini ya kitone hicho. Aya ya Normal, hata uikuze ijae ukurasa, kwake ni maelezo ya kawaida tu.

Wiki iliyopita alinijia katibu wa SACCOS na ripoti ya robo mwaka ya kurasa 11. Mkutano wa wanachama ulikuwa kesho yake. Alikuwa amefungua PowerPoint, akaenda Home, akabonyeza mshale wa New Slide, akachagua Slides from Outline, akaonyesha faili lake. Hatua zote sahihi. Akapata slaidi 94.

Alidhani programu imeharibika. Haikuharibika. Waraka wake haukuwa na hata Heading moja, na PowerPoint isipokuta staili ya kichwa popote, hugeuza kila aya kuwa slaidi yake. Ripoti ilikuwa na aya 94, basi.

Nikamwambia aweke Heading 1. Akaweka kwenye vichwa viwili, Utangulizi na Marejesho, akaingiza tena. Safari hii zikaja slaidi mbili, kila moja na kichwa chake na utupu chini. "Sasa imekula ripoti yangu!" Ndivyo inavyofanya: ikishakuta kichwa halisi kimoja, inafuata vichwa halisi peke yake na kuziacha aya za Normal zote. Ndiyo maana kazi ya nusunusu ni mbaya kuliko kutofanya kabisa. Slaidi 94 zinakushtua papo hapo. Lakini ukisahau kichwa kimoja kati ya vinane, sehemu hiyo inapotea kimyakimya, na utaigundua umesimama mbele ya watu.

Dawa iko ndani ya Word, si PowerPoint. Weka kasa, yaani kile kistari kinachopepesa, kwenye kichwa kimoja cha bandia, nenda Home, kisha Select, na uchague agizo la kukamata maandishi yote yenye mwonekano unaofanana. Vichwa vyote ulivyovipamba kwa namna ile ile vitakamatwa pamoja. Bonyeza Ctrl+Alt+1 vyote viwe Heading 1. Vichwa vidogo fanya vivyo hivyo kwa Ctrl+Alt+2. Halafu, na hapa ndipo ninapowakera wanafunzi wangu, fungua View na uweke alama kwenye Navigation Pane kabla ya kugusa PowerPoint. Orodha inayotokea upande wa kushoto ndiyo mifupa ya slaidi zako. Kisichoonekana pale usitarajie kukiona kwenye slaidi. Ukiona mstari mtupu umebeba staili ya kichwa, ondoa, la sivyo utakuletea slaidi tupu.

Hifadhi waraka na uufunge. Ukiwa bado wazi kwenye Word, PowerPoint inaweza kukataa kuuchukua.

Dhana: "Ngazi ikikosewa, napunguza tu saizi ya herufi kwenye slaidi."

Dhana hii ni ndugu wa ile ya kwanza, tofauti ni kwamba imehamia PowerPoint. Katibu wetu alipoingiza mara ya tatu alipata slaidi nne badala ya tano. "Changamoto" alikuwa ameiwekea Heading 2, kwa hiyo ikatua kama kitone cha mwisho kwenye slaidi ya Marejesho, na hoja zake tatu zikajibana chini yake. Alichofanya ni kuikoleza na kuikuza. Sasa akawa na slaidi moja iliyofurika yenye kitone kimoja kinachopiga kelele.

Fungua View, kisha Outline View. Kushoto utaona maandishi ya slaidi zote yakiwa yamepangwa kwa ngazi. Bofya kwenye alama ya kitone cha Changamoto, si kwenye maandishi yake, ili kichaguliwe pamoja na hoja zilizo chini yake. Kisha bonyeza Alt+Shift na mshale wa kushoto. Changamoto inapanda na kuwa kichwa cha slaidi mpya, na zile hoja tatu zinapanda nayo na kuwa vitone vya kawaida. Ukiweka kasa tu kwenye neno bila kuwachagua watoto, mzazi anapanda peke yake na watoto wanabaki na ngazi yao ya zamani.

Mshale wa kulia hufanya kinyume: hushusha. Ukishusha kichwa cha slaidi, slaidi hiyo inavunjwa na maandishi yake yanaungana na slaidi iliyotangulia. Kama ulishaweka picha au maelezo ya msemaji pale, PowerPoint itakuonya kwamba vitafutika. Soma onyo hilo, wengi wanabonyeza OK kwa mazoea. Ndiyo sababu nasema ngazi zinyooshwe kwanza, picha baadaye.

Ili kuhakiki, bonyeza Alt+Shift+1 ukiwa ndani ya Outline View. Vitone vyote vinakunjwa na vinabaki vichwa vya slaidi. Katibu aliposoma vichwa vyake vitano kwa mfuatano aligundua pia kwamba Mapendekezo yametangulia Changamoto. Akaipandisha Changamoto kwa Alt+Shift na mshale wa juu, slaidi nzima ikahama.

Dhana: "Picha na majedwali yatakuja pamoja na vichwa."

Hayaji. Jedwali la mikopo utalinakili mwenyewe, na ni afadhali, maana jedwali la safu 12 halisomeki ukutani.

Dhana: "Nikirekebisha waraka wa Word, slaidi zitajirekebisha."

Hakuna uhusiano wowote baada ya kuingiza. Ukiingiza tena, slaidi mpya zinaongezwa baada ya ile uliyoichagua, na za zamani zinabaki. Utakuwa na ripoti mbili ndani ya faili moja. Ama futa za kwanza, ama rekebisha kwa mkono.

Dhana: "Herufi za bluu maana yake nimekosea kuingiza."

Hapana, ni mapambo ya Heading ya Word yaliyokuja na maandishi. Chagua slaidi zote kushoto kwa Ctrl+A, kisha Home, kisha Reset. Zitavaa sura ya mandhari ya PowerPoint. Lakini Reset hurudisha pia visanduku mahali pake pa mwanzo, kwa hiyo usiibonyeze baada ya kuhangaika saa nzima kupanga mpangilio.

Katibu aliibonyeza mwisho. Alipiga simu saa nne usiku.