Ng'wandu anapokuwa Ng’wandu

Kila kumbukumbu zinapohamishiwa mfumo mpya, wanaofika dirishani kwetu hulalamikia jina kwanza. Mtu anaitwa Ng'wandu, karatasi yake inasema:

```
Ng’wandu
```

Hakuna karani aliyechapa hayo. Ritifaa iliyopinda (’), ambayo Word huiweka yenyewe, huhifadhiwa kwa baiti tatu katika mpangilio wa herufi uitwao UTF-8. Faili hilo likisomwa kwa mpangilio wa zamani wa Windows-1252, ambao kila baiti ni herufi moja, zinatoka herufi tatu: â, € na ™. Jina halijapotea. Faili liingizwe upya kwenye Excel kwa kuchagua `65001: Unicode (UTF-8)`, nalo litakaa sawa. Ila ukikuta `Ng?wandu`, ritifaa imeshatupwa, na dawa ni kurudi kwenye faili la mfumo wa zamani.

Jina bovu angalau linaonekana. Mimi huhofia zaidi tarehe.

Tuseme faili limeandikwa 03/07/1984, yaani 3 Julai. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani, mwezi ukitangulia, inasoma 7 Machi bila onyo lolote. Ikifika 25/07/1984 inakwama, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo inaiacha kama maandishi, imeegemea kushoto mwa kisanduku wakati tarehe nyingine zimeegemea kulia. Karani anaziona hizo za kushoto, anazisahihisha kwa mkono, anafunga kazi. Kumbe hizo ndizo zilizokuwa nzima! Zilizoharibika ni zile zilizopita vizuri.

Na si chache. Kila mwezi una siku 12 zinazoweza kusomwa kama mwezi, hivyo kwa mwaka ni 144. Toa 12 ambazo siku na mwezi vinalingana (aliyezaliwa 05/05 alale usingizi wake), zinabaki 132, zaidi ya theluthi ya mwaka.

Kuligundua kosa hili si kazi. Kabla hujagusa chochote, chuja tarehe zilizoegemea kulia. Kama hakuna hata moja yenye siku inayozidi 12, siku na miezi vimebadilishana. Mtu akishasahihisha baadhi kwa mkono, kipimo hicho hakifanyi kazi tena, maana nzima na mbovu zimechanganyika. Usijaribu kuzigeuza hapo hapo. Rudi kwenye faili la mwanzo, ingiza safu ya tarehe kama maandishi, kisha tumia `Text to Columns` na hatua ya tatu uchague `Date: DMY`. Unapozipeleka kwenye mfumo mpya, ziandike `1984-07-03`, mwaka ukitangulia.

Nawe uliyezaliwa kati ya tarehe 1 na 12, ukipewa karatasi mpya soma mwezi kabla hujaondoka dirishani. Ukiwa si wako, tuletee cheti cha kuzaliwa. Kwa kompyuta, 7 Machi ni siku halali kama nyingine.